DAFTARI LA NAMBA SI MALI YETU

Wana-Kawangware, tuambiane ukweli. Kila siku tunapiga kelele polisi wakipekua simu za vijana kwa steji. Halafu sisi wenyewe tunaacha daftari la namba mezani, na yeyote anayeingia kuchaji simu analifungua. Haki tunayodai nje, ndani tunaivunja.

Tuseme mama wa Gatina ametupigia saa tano usiku, mwanawe ameshikwa. Tunaandika majina yao, namba, dini, na kituo alikopelekwa kijana. Asubuhi mwenzetu anapiga skrinshoti ya ujumbe wa mama na kuitupa kwenye grupu la watu mia mbili, eti watu waamke. Sasa watu mia mbili wana namba yake. Nani kati yao ataifikisha kwa yule aliyemshika mwanawe? Mama akitishwa kesho, tutamlaumu nani?

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu imani ya mtu na majina ya watoto wake kuwa taarifa nyeti. Inasema pia taarifa zisikae kuliko inavyohitaji ile kazi zilizochukuliwa kufanya. Siku haikuzitaja, kwa hivyo ni sisi tupange na tuandike.

Mimi nasema hivi. Tuwe na madaftari mawili. La kwanza liwe na jina, namba ya simu na alama, kama K14, na lifungiwe. La pili liwe la matukio, na litaje K14 pekee. La kwanza lionwe na watu wawili tu: anayepokea simu na anayefuatilia kesi. Wakili apewe habari za mteja wake, si daftari zima. Hata kiongozi akilitaka, aulizwe la nini.

Kesi ikifungwa, tuhesabu siku 90, kisha ukurasa uchomwe na ujumbe ufutwe. Lakini kesi ikiwa kortini au IPOA, usifute kitu. Weka ujumbe wenyewe kwa simu, maana skrinshoti peke yake ni rahisi kupingwa. Kwa hivyo usiwashe "Disappearing messages" kwenye mazungumzo ya kesi. Na ukifuta, kumbuka bekapu ya zamani: ujumbe uliotoka kwa simu unaweza kuwa bado umo humo. Uliosambazwa kwa wengine nao hutaurudisha.

Kuna watakaosema, "Tutaitaje watu mkutanoni bila namba?" Ombeni namba za mkutano kando. Mama alitupa yake atafutiwe mwanawe, si aitwe kwa maandamano.

Daftari likipotea tusifichane. Kama kuna hatari ya kweli kwa watu waliomo, Kamishna wa Data aambiwe ndani ya saa 72, na wao wenyewe waambiwe. Ni aibu, ndiyo. Lakini mama wa Gatina asijue hatari yake kwa kubishiwa mlango usiku.