Usiniambie Fonti Ni ya Ukoo Gani, Niambie "a" Yake Ikoje

Kuna kundi la WhatsApp la wabunifu ambalo nimo, na kila wiki hutokea jambo lilelile. Mtu anaweka picha ya bango au nembo na kuuliza ni fonti gani inayofanana na hii. Kabla hajaweka simu chini, majibu yanamiminika: "Hiyo ni jiometriki." "Zii, hiyo ni hyumanisti." "Wewe huoni ni groteski?" Halafu kimya. Aliyeuliza anashukuru kwa emoji, anaenda kutafuta, anapata fonti mia mbili, anachoka, anachukua Montserrat. Kazi imeisha.

Mimi nasema hayo majibu ni uvivu uliovaa suti. Nasema hivyo kwa sababu nilikuwa mmoja wao, na uvivu wangu uliwahi kumfanya mama mmoja hapa Sotik akose kilo zake za majani chai.

Sikumaliza chuo. Niliacha mwaka wa pili, nikarudi nyumbani, na tangu hapo naandika na kupanga kurasa kwa yeyote atakayelipa: programu za mazishi, kadi za harusi, vipeperushi vya wakati wa kura. Mwaka juzi kikundi kidogo cha wakulima wa chai kiliniita. Mwenyekiti, mzee wa maneno machache, alinipa barua ya zamani ya kikundi, karatasi imepauka, akaniambia, "Kijana, tunataka bango na kadi za wanachama. Herufi ziwe hizi hizi. Watu wameshazizoea." Faili yenyewe haikuwepo. Katibu aliyeiandika alishahamia Nakuru, na kompyuta ilikufa kitambo.

Nikaitazama ile barua sekunde tatu. Herufi O ilikuwa mviringo kamili, kama imechorwa kwa bikari. Nikajiambia, O ya duara, basi ni jiometriki. Nikaandika `geometric sans` kwenye kisanduku cha kutafutia, na zikaja zote: Futura, Poppins, Montserrat, Jost. Nikachagua iliyofanana na Futura, nikapanga jina la kikundi, nikampelekea mzee. Aliitazama, akaiweka kando ya barua, akasema, "Hii si yetu." Hakusema zaidi. Mzee ambaye hajawahi kusikia neno jiometriki aliona kwa jicho tupu kile ambacho mimi na istilahi zangu hatukukiona.

Aliona nini? Aliona "a". Jina la kikundi lilikuwa na neno "Majani", na a ya kwenye barua ilikuwa ya ghorofa mbili: tumbo chini, kofia juu, kama hii unayoisoma hapa pengine. A ya Futura ni ya ghorofa moja, duara na kijiti kando yake, kama anavyoandika mtoto wa chekechea. M nayo ilikataa. M ya Futura hupanua miguu nje na ncha yake ya katikati hushuka hadi chini kabisa. M ya barua ilisimama wima kama mlango, na mistari yake ya katikati ilikutana nusu ya njia.

Sasa nikakaa chini kusoma hayo majina yanatoka wapi, na hapo ndipo hasira zangu zilipoanza.

Mwaka 1954 Mfaransa Maximilien Vox alitoa mfumo wa kugawa fonti katika koo. Kwake, fonti zote zisizo na serifu, yaani zisizo na yale makwato madogo mwishoni mwa mistari ya herufi, zilikaa kwenye kapu moja. Neno hyumanisti alilitumia kwa fonti zenye serifu, zilizofuata mkono wa Venisi wa karne ya 15. Waingereza walipotoa kiwango chao mwaka 1967 ndipo lile kapu likagawanywa: groteski, groteski mpya, jiometriki, hyumanisti. Kwa hiyo hyumanisti ikawa na makao mawili. Ukiandika `humanist` bila kusema kama unataka serifu au hutaki, unaita watu wawili wenye jina moja na kushangaa mbona ameitika yule mwingine.

Transishonali ndiyo mbaya kuliko zote. Kwa asili ni jina la fonti zenye serifu zilizosimama kati ya za kale na za kisasa. Mfano wake mkuu ni Baskerville, kazi ya John Baskerville wa Birmingham miaka ya 1750: mistari minene na myembamba inaachana zaidi kuliko zamani, na mhimili wa o umekaribia kusimama wima. Times New Roman ya mwaka 1932 huwekwa humo pia. Lakini wapo waandishi wanaotumia neno hilohilo kwa Helvetica, Arial na wenzao, ambazo hazina serifu hata moja. Sasa mtu akikujibu kwenye kundi, "Hiyo ni transishonali bro," amekuambia nini? Anaweza kuwa anasema Baskerville, anaweza kuwa anasema Arial. Hizo mbili hazifanani zaidi ya ng'ombe na pikipiki.

Sisemi majina hayo tuyatupe. Yana kazi moja nzuri, ya kupunguza rundo. Groteski zinatokana na mabango ya matangazo ya karne ya 19: midomo ya c na e inakaribia kujifunga, na herufi kubwa zina upana unaokaribiana. Hyumanisti zimekumbuka kalamu na maandishi ya mawe ya Warumi: midomo iko wazi, E na S ni nyembamba, O ni pana. Jiometriki zimejengwa kwa duara na rula. Ukijua hivyo, fonti elfu zinakuwa mia. Kosa ni kudhani mia ni moja. Kosa kubwa zaidi ni kuanza na jina halafu ukalazimisha herufi zilifuate, kama nilivyofanya mimi na ile O.

Nilipoanza upya, niliweka jina kando nikaandika nilichokiona. O ni duara. E ni nyembamba, karibu nusu ya O. M ni mraba, katikati imekutana nusu. A ndogo ni ya ghorofa mbili. Halafu g, ambayo kwenye barua ilikuwa kwenye jina la mwekahazina, Bwana fulani Ng'eno: g ya miwani, matundu mawili yameshikana, juu na chini. Hiyo g ndiyo shahidi mkuu, kwa sababu ni nadra kwenye fonti zisizo na serifu. O ilisema jiometriki, lakini wengine wote walisema Warumi na kalamu. Nikaandika: `humanist sans`, kisha nikatafuta kwa macho ile g ya miwani na ile M ya mraba. Haikuchukua dakika kumi.

Ilikuwa Gill Sans. Eric Gill aliichora, kampuni ya Monotype ikaitoa mwaka 1928. Gill alikuwa mwanafunzi wa Edward Johnston, aliyechora herufi za reli ya chini ya ardhi ya London mwaka 1916, ndiyo maana ina duara za bikari juu ya mifupa ya Kirumi. Ni hyumanisti mwenye sura ya jiometriki. Ukiitafuta kwa sura utapotea. Na kichekesho ni kwamba Gill Sans MT imekuja na Microsoft Office kwa miaka mingi. Katibu hakuwa mbunifu. Aliichagua tu kwenye orodha ya Word. Fonti niliyoihangaikia siku mbili ilikuwa kwenye kompyuta ya saiba iliyo mita hamsini kutoka nilipokaa.

Hapo ningesimama ningekuwa shujaa. Sikusimama.

Nilipanga bango, mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nikapanga kadi za wanachama kwa fonti hiyohiyo. Kikundi kina vituo viwili vya kupimia majani, wanaviita I na II, kwa nambari za Kirumi, na nambari ya mwanachama hufuata papo hapo. Mwanachama wa 11 wa kituo cha kwanza ni I11. Mwanachama wa 1 wa kituo cha pili ni II1. Sasa jua hili: katika Gill Sans ya kawaida, I kubwa, l ndogo na tarakimu 1 ni kijiti kimoja kilichosimama. Hakuna kikofia, hakuna kiguu. Kadi mbili za watu wawili zikatoka na vijiti vitatu vilevile.

Karani wa kupima akasoma alivyoona. Mama mmoja wa kituo cha kwanza alipeleka majani karibu wiki tatu, na kilo zake zikaandikwa kwa mtu mwingine. Siku ya malipo alikuja kwa mwenyekiti na daftari lake la mkono, ambamo alikuwa ameandika kila siku kwa penseli. Lile daftari ndilo lililomwokoa. Hela zilirudishwa, kadi nikachapa upya kwa pesa zangu, na mzee hakunigombeza, jambo ambalo lilinikata zaidi.

Kadi mpya nilipanga kwa Open Sans, ya Steve Matteson, iliyotoka mwaka 2011. I yake bado ni kijiti, lakini 1 ina kikofia chake, basi I11 na II1 zinaachana hata kwa karani mwenye haraka. Jina la kikundi nikaliacha kwenye Gill Sans, kama wazee walivyotaka.

Sasa angalia hapo. Gill Sans ni hyumanisti. Open Sans ni hyumanisti. Koo moja, jina moja, jibu moja kwenye kundi la WhatsApp. Moja ilipoteza kilo za mama na nyingine ikazilinda. Jina la ukoo halikuweza kuniambia tofauti hiyo, kwa sababu ukoo hauzungumzii tarakimu.

Kwa hiyo ukiniuliza fonti inayofanana na hii, sitakuambia ukoo kwanza. Nitakuuliza a ni ya ghorofa ngapi, g ina matundu mangapi, mdomo wa e umefungwa kiasi gani, E ni nyembamba kuliko O kwa kiasi gani. Ukoo tutautaja mwishoni, pamoja na kama kuna serifu au hakuna, ili tuandike neno moja sahihi kwenye kisanduku. Na ukishapata unayodhani ndiyo, usiijaribu kwa sentensi tamu. Iandikie hivi:

```
I11 II1 Il1 O0 Ng'eno
```

Angalia kama vijiti vinaachana, kama sifuri si O, kama kile kialama cha Ng'eno hakijaipasua Ng' na eno kuwa watu wawili. Huku kwetu hilo ni jina la mtu, si mapambo.

Wale wa kundini wataniambia nafanya mambo magumu. Sawa. Waje wamweleze yule mama kwamba ilikuwa hyumanisti.