Ripoti ya Bunge isiyo na tarehe haimfungi mtu: somo la Gécamines

Bunge la taifa linafungua vikao vyake vya kawaida tarehe 15 Machi na tarehe 15 Septemba. Karibu katika kila kikao, tume fulani ya wabunge inatoka kuchunguza kampuni au ofisi ya serikali. Katiba inawapa haki hiyo: kifungu cha 100 kinasema Bunge linasimamia serikali, kampuni za umma na idara zake, na kifungu cha 138 kinataja tume ya uchunguzi kati ya njia za kufanya kazi hiyo. Tume inarudi na ripoti, ripoti inasomwa, kisha raia wanangoja.

Mara nyingi wanangoja bure. Ripoti nyingi zinaeleza vizuri ubaya uliofanyika, lakini hazisemi nani afanye nini, na mpaka siku gani. Jambo hilo linaonekana wazi katika ripoti iliyowagusa sana watu wa Katanga, ile ya tume ya Lutundula, na katika yaliyoipata Gécamines baada yake.

Tume ilikuta nini

Tume hiyo ilizaliwa na mazungumzo ya Wakongomani ya Sun City, mwaka 2002. Wajumbe waliomba mikataba yote ya uchumi na ya pesa iliyotiwa sahihi wakati wa vita vya 1996-1997 na vile vya 1998 ipitiwe upya. Bunge la mpito likaunda tume chini ya mbunge Christophe Lutundula, na ripoti yake ikafika mezani mwa viongozi wa Bunge mwezi Juni 2005.

Kwa ufupi, tume ilisema makumi ya mikataba ilikuwa kinyume cha sheria au haikuletea nchi faida ya maana. Wawekezaji walisamehewa kodi kwa muda wa miaka 15 hadi 30. Mtu aliyeajiriwa siku ya kutia sahihi angeweza kustaafu kabla kampuni hiyo haijaanza kulipa kodi kamili.

Kwa Gécamines, shida ilikuwa kubwa kuliko kwa kampuni nyingine, kwa sababu ilifika kwenye meza ya mazungumzo ikiwa imechoka. Mwaka 1986 ilitoa tani zaidi ya 470,000 za shaba. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 haikufikisha hata tani 50,000 kwa mwaka. Wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, uliolipiwa kwa pesa za Benki ya Dunia. Kampuni haikuwa na pesa ya kufungua tena migodi yake, lakini ilikuwa bado na kitu kimoja cha thamani: haki juu ya udongo wenye madini. Haki hiyo ndiyo iliyokuwa ikigawanywa.

Tume ilipendekeza nini

Mapendekezo makubwa yalikuwa matatu. La kwanza, mikataba mibaya ivunjwe au ijadiliwe upya. La pili, baadhi ya viongozi na kampuni wafuatiliwe na sheria. La tatu, serikali isimamishe kutia sahihi mikataba mipya mpaka uchaguzi upite.

Pendekezo la tatu ndilo lililokuwa la haraka kuliko yote, na kufuata lisingegharimu hata franga moja. Ilitosha kungoja. Lakini ripoti haikugawiwa kwa wabunge mara moja. Ilikaa kwenye ofisi, na raia wa kawaida waliiona Februari 2006, ilipovuja na kuwekwa kwenye mtandao. Haikujadiliwa kamwe katika kikao cha wabunge wote. Na pendekezo ambalo kikao hakikulipitisha halina siku ya kuanza kuhesabiwa.

Kilichotokea ripoti ikiwa ofisini

Tarehe zinaonyesha mambo waziwazi. Ripoti ilifika Juni 2005. Agosti 2005, dekreti za Rais zilikubali mikataba miwili mikubwa ya Kolwezi, ule wa Kamoto na ule wa KOV, ambayo iliiachia Gécamines asilimia 25 na kumpa mshirika wake asilimia 75. Septemba 2005 ukafuata mkataba mpya wa Tenke Fungurume.

Huu wa Tenke unastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu ni wa kipindi kilekile ambacho tume ilitumwa kukichunguza. Mkataba wa kwanza ulitiwa sahihi Novemba 1996, siku za mwisho za Mobutu. Gécamines ilikuwa na asilimia 45, na mshirika alipaswa kulipa dola milioni 250 za kuingia, kidogo kidogo kadiri mradi unavyosonga mbele. Milioni 50 zililipwa, kisha vita vikasimamisha kazi.

Mkataba wa 2005 ulishusha sehemu ya Gécamines mpaka asilimia 17.5, na pesa za kuingia mpaka milioni 100, zile 50 za zamani zikiwa ndani ya hesabu. Waliotetea mabadiliko hayo walisema kwamba mgodi ulihitaji pesa nyingi ili uanze, na kwamba Kodi ya Madini ya 2002 ilileta malipo mengine kwa serikali. Inawezekana hoja hizo zilikuwa na uzito. Lakini mahali pa kuzipima palikuwa Bungeni, ripoti ikiwa imefunguliwa mbele ya wote, na hapo hazikupimwa.

Kurekebisha kukachukua miaka. Aprili 2007 wizara ya madini iliunda tume nyingine, ya serikali safari hii, ipitie mikataba 61. Matokeo yakatangazwa Machi 2008: hakuna mkataba hata mmoja uliokutwa uko sawa. Mazungumzo juu ya Tenke yalimalizika mwaka 2010, na Gécamines ikapanda kutoka asilimia 17.5 hadi 20. Miaka mitano ya kazi ilirudisha asilimia mbili na nusu, wakati makubaliano ya 2005 yalikuwa yameondoa asilimia 27 na nusu.

Siku tarehe ilipoandikwa

Tofauti ilionekana Mei 2011. Dekreti ya tarehe 20 mwezi huo iliamuru kwamba kila mkataba wa mali asili ambao serikali au kampuni yake inaingia utangazwe ndani ya siku 60 tangu unapoanza kufanya kazi. Mwenye jukumu alitajwa: waziri anayehusika. Mahali palitajwa pia, kwanza kabisa Gazeti Rasmi na mtandao wa wizara.

Dekreti hiyo haikufanya viongozi wawe waaminifu kwa usiku mmoja. Mwezi uliofuata, Gécamines iliuza asilimia 25 zake katika kampuni ya Comide, na karatasi za mauzo hazikutangazwa zote. Lakini safari hii kulikuwa na kipimo. Mtu yeyote aliweza kuhesabu siku 60 na kusema: muda umepita. Shirika la Fedha la Kimataifa, FMI, lilidai karatasi hizo, halikuridhika na lilichopewa, na Desemba 2012 likafunga programu yake ya mkopo kwa Kongo. Mapendekezo ya mwaka 2005 hayakumpa mtu kipimo cha namna hiyo.

Ripoti inapaswa kufupishwa vipi

Basi tume inayochunguza kampuni ya serikali leo ingefanya vizuri kumalizia ripoti yake kwa kurasa mbili zenye safu nne: kilichokutwa, kinachopendekezwa, nani anawajibika, na tarehe pamoja na karatasi itakayothibitisha kwamba kazi imefanyika. Kosa lililokutwa liandikwe na ushahidi wake. Kama hakuna ushahidi, lisiingie katika safu ya kwanza.

Safu ya nani anawajibika inataka uangalifu. Bunge halimfukuzi mkurugenzi wa kampuni ya serikali. Kwa kifungu cha 81 cha Katiba, ni Rais anayeteua na kuondoa wasimamizi hao, kwa pendekezo la serikali. Bunge lina nguvu juu ya waziri, ambaye anaweza kuulizwa na hata kupigiwa kura ya kutokuwa na imani. Kwa hiyo pendekezo linaloandikwa "uongozi ufanye hili" linapotea njiani. Lazima liseme: baraza la wasimamizi la Gécamines lifanye, na waziri wa kampuni za serikali alete jibu Bungeni.

Tarehe nazo hazilingani zote. Kuna agizo la kusimamisha, ambalo linaanza siku ileile kikao kinapolipitisha. Ni la aina ya lile la kutotia sahihi mikataba mipya. Kuna agizo la kutangaza, ambalo siku 60 zinalitosha kwa kuwa karatasi tayari ziko kabatini. Na kuna agizo la kupima thamani ya mgodi kabla ya kuuza hisa, ambalo linataka wataalamu, uchimbaji wa majaribio na maabara. Ukilipa hilo la mwisho siku 30, utaletewa karatasi iliyojazwa ovyo. Afadhali mwaka mzima, pamoja na katazo la kuuza chochote kabla ya hapo.

Kalenda ya Bunge yenyewe inasaidia. Ripoti ikipitishwa kabla ya kikao kufungwa tarehe 15 Desemba, zinabaki siku zipatazo 90 mpaka kikao kingine kifunguliwe tarehe 15 Machi. Waziri anaweza kutakiwa aje siku za kwanza za kikao cha Machi na karatasi mkononi, safu kwa safu: hili limefanyika, hili bado, sababu ni hii. Asipokuja, wabunge tayari wana silaha katika Katiba. Wasipoitumia, raia watajua kwamba kosa halikubaki kwa mkurugenzi peke yake.

Wakaaji wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi hawawezi kusoma kila ripoti yenye mamia ya kurasa, na hawapaswi kulazimika. Wanachoweza kumwomba mbunge wao anaporudi likizo ni zile kurasa mbili. Akikosa kuzionyesha, wamwulize ripoti iko ofisi gani, na imelala huko tangu lini.