Simu Iliyozeeka kwa Mwaka Mmoja

Simu za bei nafuu zinazotumia mfumo wa Android, kama zile zilizoenea Gitega na Muyinga, mara nyingi huenda vizuri miezi ya mwanzo na kuanza kujikokota mwaka unapotimia, na hapo wenye simu hushuku kwamba mtengenezaji amezipunguza kasi kwa makusudi ili wanunue nyingine. Shaka hiyo haikuzuka bure, kwa kuwa mnamo Desemba 2017 kampuni ya Apple ilikiri kwamba mfumo wake hupunguza kasi ya baadhi ya simu zenye betri zilizochakaa ili zisizimike ghafla, na mwaka 2020 mamlaka za Ufaransa ziliitoza faini ya yuro milioni 25 kwa kutowaarifu wateja. Hata hivyo, kwa simu ndogo ya Android, sababu ya kuchunguzwa kwanza si njama bali ni hifadhi, yaani nafasi ya kudumu ya kuwekea picha, video na programu.

Tuchukulie simu iliyoandikwa GB 32, ambayo mfumo na programu zilizokuja nayo zimekwisha kula GB 14, hivyo mnunuzi akabakiwa na GB 18. Ikiwa makundi ya WhatsApp ya familia, ya msikiti au ya parokia yanamletea video nne kwa siku, kila moja ikiwa na MB 10, na simu imeachwa izipakue yenyewe, basi hupokea MB 40 kwa siku, ambazo kwa mwaka ni zaidi ya GB 14. Programu zinazoongezwa na kukua kila zinaposasishwa humaliza nafasi iliyosalia, na hivyo ndivyo mwaka mmoja unavyokuwa mpaka wa uhai wa simu hiyo.

Hifadhi iliyojaa hupunguza kasi kwa sababu chipu yake haiwezi kuandika juu ya data ya zamani moja kwa moja, bali ni lazima ifute kwanza fungu zima na kuhamishia kwingine data ambayo bado inahitajika. Nafasi ikiwa tele, kazi hiyo huweza kufanywa mapema. Ikiwa finyu, hufanywa wakati mtumiaji anasubiri, na dalili yake ni simu kuganda picha inapohifadhiwa au programu inaposasishwa. Aidha, Android hupanga usafi wa hifadhi wakati simu imewaka, imetulia na imechomekwa kwenye chaji, kwa kawaida usiku, kwa hiyo simu ya nyumba isiyo na umeme, inayochajishwa mchana kwa malipo huku imezimwa, huweza kukosa usafi huo.

Sababu ya pili ni programu za nyuma, yaani zile zinazoendelea kufanya kazi bila kuonekana kwenye skrini na kugombania RAM, kumbukumbu ya muda ambayo katika simu hizi mara nyingi ni GB 2 tu. Dalili yake ni programu iliyoachwa dakika moja iliyopita kuanza upya inaporudiwa. Mazoea ya kuzifuta zote kila mara kwenye orodha ya programu za karibuni hayasaidii sana, kwa kuwa programu inayofunguliwa upya huhitaji kazi nyingi kuliko iliyokuwa inangoja. Linalofaa ni kuziondoa kabisa zile zisizotumika. Simu ikiwashwa katika hali salama, ambayo huzima programu zote zilizoongezwa na mtumiaji, na ikawa nyepesi, basi mashaka yaelekezwe kwa programu hizo.

Miondoko ya skrini, yaani madirisha kufunguka na kufifia taratibu, ni sababu ya tatu na ndogo zaidi. Katika simu iliyowekwa Kifaransa, kubonyeza «Numéro de build» mara saba hufungua «Options pour les développeurs», ambamo vipimo vitatu vya miondoko huweza kushushwa kutoka 1x hadi 0.5x. Kufanya hivyo hufupisha muda ambao macho hungoja, lakini hakuiongezei chipu nguvu, wala hakuikomboi simu iliyojaa.

Kwa hiyo mpangilio wa tiba ni muhimu: kuzuia kwanza WhatsApp isipakue video yenyewe, kuhamisha au kufuta zilizopo hadi sehemu moja kati ya tano hivi ya hifadhi ibaki wazi, kisha kupunguza programu, na mwisho kugusa miondoko. Ikiwa baada ya hayo simu bado inajikokota, huenda chipu imechakaa au mfumo uliosasishwa umeizidi uwezo. Lakini lawama yote haimwangukii mtumiaji, kwa kuwa kasha linalotangaza GB 32 bila kutaja GB 18 zilizo wazi humuuzia mnunuzi nafasi ambayo hatawahi kuitumia; swali la kumwuliza muuzaji kabla ya kulipa ni kiasi gani kinasomeka wazi chini ya «Stockage» simu ikiwashwa mbele yake.