Msisingizie mtandao, tatizo ni foleni!

Wadau, hii habari ya "mtandao ulikuwa mzito" tuiache. Ratiba ya mtihani imebadilishwa, ofisi moja hapa chuoni ikatuma meseji, wengine wamepata mara tatu, wengine hawajapata kabisa na pepa imewapita. Halafu tunaambiwa mtandao! Hebu tupige hesabu.

Tuseme wanafunzi ni 6,000, na kampuni inayosafirisha meseji imeweka kikomo cha meseji 10 kwa sekunde. Programu isiyo na breki inamwaga 50 kwa sekunde. Kila sekunde 10 zinapita, 40 zinakataliwa. Baada ya dakika 2 orodha imeisha na programu inatangaza "zimetumwa", kumbe zilizopokelewa ni 1,200 tu. Zile 4,800 zimeishia mlangoni. Na seva haikufanya siri, ilijibu hivi:

```
HTTP/1.1 429 Too Many Requests
Retry-After: 30
```

Yaani umezidisha kasi, subiri sekunde 30. Asiyesoma jibu hilo anatuma upya orodha nzima. Waliokwishapata wanaweza kupata tena, na waliokosa wanaweza kukosa tena. Aking'ang'ania sana, akaunti inafungiwa.

Dawa yake ni foleni. Kila meseji iandikwe kwanza kwenye jedwali pamoja na hali yake: inasubiri, imepokelewa, au imeshindikana. Programu ichukue 8 kwa sekunde, chini kidogo ya kikomo. 6,000 gawanya kwa 8 ni sekunde 750, dakika 12 na nusu tu! Ikija 429, meseji irudi kwenye foleni na programu isubiri muda ilioambiwa. Isipoambiwa, isubiri sekunde 1, kisha 2, 4, 8, na kila mara iongeze kipande cha sekunde cha kubahatisha, ili zilizokataliwa pamoja zisirudi tena kwa mkupuo.

Kuna mtego mmoja. Mawasiliano yakikatika kabla ya jibu, hujui kama meseji imepita. Ndiyo maana kila moja inapewa namba yake ya utambulisho. Kampuni ikiwa inaitambua namba hiyo, ukirudia haitumi mara ya pili. Na "imepokelewa" ni kwa kampuni, sio kwa simu yako. Ripoti ya kufika kwenye simu huja baadaye, kivyake.

Najua watasema tulipie kasi kubwa zaidi. Ya nini? Ukinunua 100 kwa sekunde halafu ukamwaga 500, umerudi pale pale, tena kwa gharama.

Kwa hiyo wadau, siku nyingine wakisema mtandao, waulizeni swali moja tu: zilizojibiwa 429 zilikuwa ngapi, na mlizirudisha wapi?

Naomba kuwasilisha.