Uwiano wa Pepsi na Koka ukivutika, usikimbilie kubonyeza: andika namba zako kwanza

Leo siongelei parseli wala boda. Wengi humu mtaji ukilala kidogo mnauingiza kwenye hisa za nje kupitia simu, na sasa kuna mtindo unazunguka kwenye magrupu: biashara ya hisa pacha. Unaletewa picha ya chati, mstari umeshuka hadi chini, halafu maneno mawili, "lazima irudi." Hilo neno "lazima" ndilo sikubaliani nalo, na nitaeleza kwa nini kwa kutumia Pepsi na Koka, maana hao ndio wanaotumwa zaidi kwenye hizo picha.

Kwanza tuelewane uwiano ni nini. Chukua mchele. Sema dukani kwako mchele wa Kyela unauza 3,000 kilo na wa kawaida 2,500. Gawanya, unapata 1.2. Bei zote zinaweza kupanda msimu ukiwa mbaya, lakini ile 1.2 inakaa hapohapo, kwa sababu kinachopandisha huyu kinapandisha na yule. Siku ukiona imefika 1.6, wewe kama mfanyabiashara hujiulizi "itarudi lini?" Unajiuliza "kuna nini Kyela?" Kama ni lori limekwama, itarudi. Kama watu wamehamia kabisa kwenye mchele wa kawaida, au wa Kyela wameanza kuuchanganya, hiyo 1.2 umeshaiaga.

Hisa pacha ni hivyohivyo. Fungua TradingView, pale pa kutafutia andika hivi:

```
NASDAQ:PEP/NYSE:KO
```

Inakuletea mstari mmoja: bei ya hisa ya PepsiCo kugawa kwa bei ya hisa ya Coca-Cola. Mstari ukishuka, maana yake Pepsi imekuwa rahisi ukilinganisha na Koka. Anayefanya biashara hii ananunua Pepsi, na wakati huohuo anauza Koka aliyoazima kwa broka, ili baadaye ainunue kwa bei ndogo na kuirudisha. Anaweka pesa sawa pande zote mbili, dola 1,000 kwa dola 1,000. Sio idadi sawa ya hisa, hapo watu wanachanganya sana. Hisa moja ya Pepsi ina bei kubwa kuliko ya Koka, kwa hiyo ukichukua kumi kwa kumi upande wa Pepsi unakuwa umebeba pesa nyingi zaidi, na biashara yako sio ya pacha tena. Ni ya Pepsi tu.

Uzuri wake ni kwamba soko zima likianguka, unapoteza kwa Pepsi lakini unapata kwa Koka. Wewe unachosubiri ni lile pengo kati yao lipungue. Wala sio kitu kipya: watu wa benki ya Morgan Stanley kule Marekani walikuwa wanafanya hivi na kompyuta tangu miaka ya 1980.

Sasa tuingie kwenye kesi yenyewe. Mwisho wa mwaka 2021, mwisho wa 2022 na mwisho wa 2023, ukigawanya bei za hawa wawili ulikuwa unapata kati ya 2.8 na 2.95. Miaka mitatu mstari unarudi mlemle. Mwisho wa 2024 Pepsi ilikuwa kama dola 152 na Koka kama 62.3. Gawanya: 2.44. Kwa mtu wa chati hiyo ni zawadi. Kamba imevutika, nunua Pepsi, uza Koka, subiri 2.8.

Tuifanye hesabu. Dola 1,000 ya Pepsi ni kama hisa 6.6. Dola 1,000 ya Koka uliyoazima na kuuza ni kama hisa 16. Twende mwisho wa Juni 2025. Pepsi imeshuka hadi kama dola 132, hapo umepoteza kama dola 131. Koka imepanda hadi kama 70.8, nayo wewe uliiuza kwa 62.3, kwa hiyo umepoteza tena kama dola 136. Jumla karibu dola 267, na uwiano upo chini ya 1.9. Pande zote mbili zimekupiga kwa pamoja. Yule anayekwambia hisa pacha hazina hatari kwa sababu upande mmoja unalinda mwingine, muulize hapa ulinzi ulikuwa wapi.

Kilichotokea hakikuwa siri. Koka anauza vinywaji. Pepsi zaidi ya nusu ya mapato yake ni chakula: chipsi za Lay's, Doritos, Cheetos, na nafaka za Quaker. Kampuni ilipandisha bei ya vitafunwa mwaka hadi mwaka, ikafika mahali wateja Marekani wakaanza kupunguza kununua. Juu ya hapo, Desemba 2023 ikalazimika kurudisha bidhaa za Quaker kutoka madukani kwa hofu ya bakteria wa salmonela, na Januari 2024 ikaongeza orodha. Kwa hiyo watu wa chati walikuwa wanawatazama kama pacha wa soda, wakati mmoja wao mzigo mkubwa dukani kwake ni chipsi. Upande wa chipsi ukayumba, na 2.8 ikakosa msingi wa kurudia.

Ndiyo maana mimi nasema chati ya uwiano inakupa swali, haikupi oda. Kabla ya kuweka pesa, tafuta taarifa ya robo mwaka ya kampuni zote mbili na usome kipande kimoja tu: mauzo kwa kiasi, yaani wameuza mzigo mwingi zaidi au mchache, ukiacha bei. Kama pengo limefunguka na taarifa zote mbili zinafanana, kuna uwezekano ni wimbi la soko tu, mtu mkubwa kauza kwa haraka zake. Kama mmoja mzigo unapungua robo baada ya robo, huo ni mchele uliochanganywa. Muache.

Kuna jambo la pili ambalo kwenye magrupu sijaona mtu analisema, na ndilo linalonikera zaidi. Wengi wanaweka juu ya ule mstari kipimo kinachoitwa Bollinger Bands. Kinachora wastani wa siku 20 katikati, na mistari miwili pembeni inayoonyesha umbali usio wa kawaida. Maelekezo yao ni kwamba uwiano ukigusa mstari wa chini unaingia, ukirudi katikati unatoka na faida.

Tatizo ni kwamba ile katikati inatembea. Ni wastani wa siku 20 zilizopita, kwa hiyo uwiano ukishuka na kubaki chini, baada ya wiki nne katikati nayo imeshashuka ikaufuata. Tuseme umeingia kwenye 2.44. Unashuka hadi 2.2, unazungukazunguka hapo mwezi mzima. Chati yako sasa inaonyesha uwiano upo katikati kabisa, kila kitu shwari, "imerudi." Ukiangalia akaunti umepoteza kama dola 100 katika zile dola 1,000 za kila upande. Uwiano haukurudi popote. Wastani ndio umemfuata aliyekimbia.

Dawa yake ni kalamu na karatasi. Siku unayoingia andika namba tatu, na zisibadilike hata chati ichore nini. Kwa mfano wetu: nimeingia 2.44. Ninakoelekea ni 2.80, faida kama dola 140. Ninapokubali nimekosea ni 2.26, hasara kama dola 75. Nimechukua umbali wa hasara uwe nusu ya umbali wa faida, wewe unaweza kuchagua mwingine, ila uwe umeandikwa. Kwa kesi hii uwiano ulishapita chini ya 2.26 kabla Machi 2025 haijaisha, kwa hiyo mwenye karatasi alitoka na hasara kama ya dola 75. Aliyesubiri "lazima irudi" hadi Juni alikuwa kwenye 267.

Kwenye karatasi hiyohiyo andika na tarehe. Watafiti watatu, Gatev, Goetzmann na Rouwenhorst, walichapisha mwaka 2006 utafiti wa hisa pacha ambao unatajwa hadi leo. Wao walikuwa wanachagua pacha kwa kutazama miezi 12, halafu wanafanya biashara miezi 6 tu. Miezi sita ikiisha wanafunga, pengo liwe limejifunga au halijajifunga. Kwa mtaji mdogo mimi naona hata miezi sita ni mingi, kwa sababu kukaa ndani kunalipiwa.

Na malipo yenyewe muyajue. Pacha mmoja ni kununua, kuuza, kisha kuuza na kununua tena wakati wa kutoka, kwa hiyo kamisheni inakatwa mara nne. Hisa uliyoazima unaweza kutozwa kodi ya kuazima. Koka akitoa gawio wakati umeuza hisa za kuazima, lile gawio unalilipa wewe kutoka mfukoni. Kwa wanaotumia CFD kwenye simu, kuna makato ya kila usiku unaolala na biashara wazi, na mengi mnayaona kama senti tu. Faida uliyoitegemea ni dola 140 kwa dola 1,000 kila upande. Ukiweka dola 50 kila upande faida hiyohiyo ni dola 7, na makato ya miezi mitatu yanaweza kuimaliza hata kama uwiano umerudi vizuri kabisa. Piga hiyo hesabu kwa viwango vya broka wako kabla hujabonyeza.

Mtaniuliza vipi kwa hapa nyumbani, CRDB na NMB si pacha? Ni benki mbili kubwa za soko moja, uwiano wao unaweza kuuchora. Ila kwenye akaunti ya kawaida pale DSE unauza hisa ulizonazo tu, kwa hiyo ule upande wa kuazima huna. Kinachobaki ni kwa mtu ambaye tayari anazo zote mbili na hana mpango wa kuziuza: uwiano ukivutika sana bila sababu ya maana kwenye hesabu za benki, anaweza kuhamisha sehemu ndogo kutoka iliyopanda kwenda iliyobaki nyuma. Hapo soko likianguka anaanguka nalo, hakuna kinga ya upande wa pili. Na kabla hajauza aangalie kwanza wanunuzi wapo wangapi siku hiyo, maana bei unayoiona kwenye chati ni ya hisa zilizouzwa mara ya mwisho, sio lazima iwe bei utakayopewa wewe.