Poa, Bomba, Supa: Kipi Kiko Juu?

Binamu yangu anauza intaneti ya nyumbani mtaani Kahawa West. Kazi yake si mbaya, laini inashika vizuri na akiitwa anafika. Lakini mwaka jana alipoteza wateja wa karibu ploti nzima, na chanzo hakikuwa waya wala kasi. Chanzo kilikuwa majina.

Alikuwa na vifurushi vinne: Poa shilingi 1,500, Bomba 2,000, Supa 2,500 na Bosi 3,500. Kwenye bango vilipendeza. Sasa mama mmoja wa orofa ya tatu alikuwa akilipia Bomba miezi mitano akiamini yuko juu ya Supa. Kila akilalamika kwamba picha inakwama, anaambiwa "panda Supa." Yeye anasikia kama anaambiwa ashuke. Siku alipoelewa, alihisi alikuwa amechezewa. Akahamia kwa mshindani, na majirani wakamfuata.

Mtu anaweza kusema mama angeuliza bei. Mimi nasema hapana. Mteja hakai na bango lako mkononi. Anachobaki nacho kichwani ni jina, na jina likishindwa kumwambia yuko ngazi gani, bei itamchanganya zaidi.

Tuseme jina la biashara ni Jirani (silo lake halisi). Nilipokaa naye kupanga upya, nilianza na kitu kidogo. Tuliandika majina manne kwenye vikaratasi, bila bei, tukavichanganya. Tukawapa watu watano ambao hawajawahi kununua kwake, mmoja mmoja, wavipange kutoka chini hadi juu. Wengi waliweka Poa chini na Bosi juu. Hapo katikati ndipo palikuwa na vita: wengine Supa juu ya Bomba, wengine Bomba juu ya Supa. Na ukifikiria, wote wako sawa. Bomba na supa ni sifa mbili tu, hakuna mtu aliyewahi kusema ipi inaishinda nyingine.

Wazo la kwanza la binamu yangu lilikuwa rahisi: "Basi tuite Jirani 1, 2 na 3." Tukajaribu vikaratasi tena. Ikafeli pia! Unajua kwa nini? Kwetu namba inasoma pande zote mbili. Mtoto wa darasa la kwanza yuko chini, lakini mtu akiwa "namba wani" yuko juu ya wote. Kwa hivyo namba tupu haitoshi. Lazima iwe imeshika kitu ambacho kikizidi, kila mtu anakubali kimezidi.

Hapo tukauliza swali ambalo lingekuja mwanzo: ni kitu gani hasa kinachopanda kutoka kifurushi kimoja hadi kingine? Jibu ni kasi. Poa ilikuwa Mbps 5, Bomba 8, Supa 10 na Bosi 20. Ukiviweka hivyo unaona shida ya pili: 8 na 10 ni karibu kitu kimoja. Hiyo haikuwa ngazi mbili, ilikuwa ngazi moja iliyopewa majina mawili. Tukaziunganisha. Zikabaki tatu: Jirani 5 kwa 1,500, Jirani 10 kwa 2,300, na Jirani 20 kwa 3,500.

Tukarudi kwa vikaratasi, na watu wapya watano. Wote walipanga sawa, hata yule ambaye hakujua Mbps ni nini. Hakuhitaji kujua. Aliona 20 imezidi 10, basi. Na kuna faida nyingine: kesho binamu akileta Mbps 40, jina lipo tayari. Zamani angeita nini juu ya Bosi? Bosi Mkubwa?

Kulikuwa na kifurushi cha tano, cha maduka na saiba, ambacho laini yake ina mkataba wa kurekebishwa siku hiyo hiyo ikikatika. Binamu alitaka kukiita Jirani 50, kionekane cha juu kabisa. Nilikataa. Hicho si ngazi ya juu zaidi, ni kazi nyingine kabisa. Mwenye duka halipii kasi peke yake, analipia kutofunga biashara mchana. Tukakiita Jirani Duka. Kanuni yangu ni hii: kikitofautiana kwa kiasi, kipe namba, kikitofautiana kwa kazi, kipe neno lake.

Kanuni hii unaiona kwenye simu yako. Chini ya Lipa na M-PESA kuna Paybill, Buy Goods na Pochi la Biashara. Kwa anayelipa, hizo si ngazi, ni milango. Paybill unaweka nambari ya biashara na nambari ya akaunti, Buy Goods unaweka nambari ya till, Pochi unaweka nambari ya simu ya muuzaji. Mnunuzi hana haja ya kujua ipi iko juu, na jina la familia linamtuliza kwamba yuko mahali salama. Hapo majina yanafanya kazi.

Lakini geuka upande wa muuzaji anayekua. Ameanza na Pochi, mauzo yameongezeka, sasa anauliza, "Nikipanda ninaenda wapi?" Majina hayamjibu. Moja limetoka kwenye chombo cha kuwekea pesa, lingine kwenye kile anachofanya mnunuzi, lingine kwenye bili. Kila jina linaangalia kutoka dirisha lake. Kwa maoni yangu hilo si kosa, mradi mtu amweleze muuzaji njia. Ila linafundisha jambo: kabla ya kutaja ngazi, amua ni nani anayepanda, kisha majina yote yaangalie kutoka upande wake.

Sasa tahadhari mbili. Ya kwanza, namba ni ahadi. Ukiita kifurushi Jirani 20 na jioni kinatoa 9, umempa mteja kipimo cha kukushtaki nacho. Kama huna uhakika wa kasi, usiiweke kwenye jina. Ya pili, usibadilishe majina usiku mmoja. Kwa mwezi mzima ujumbe wa kukumbusha malipo wa binamu yangu ulikuwa na majina yote mawili: "Jirani 10, zamani Supa." Waliokuwa Bomba alizungumza nao kwa simu, mmoja mmoja, kwa sababu bei yao ndiyo iliyopanda. Wachache walishuka hadi Jirani 5. Ni sawa. Afadhali mteja aliyeshuka akijua kuliko aliyekaa juu akidhani.

Utajuaje kama majina yako yana shida hii? Fungua taarifa yako ya malipo ya mwezi. Tafuta waliolipa kiasi kisicholingana na kifurushi chao, wakatuma pesa ya kujazia baadaye au wakaomba warudishiwe. Halafu soma jumbe za WhatsApp na uhesabu "tofauti ni gani?" zimekuja mara ngapi. Kama swali hilo linarudi kila wiki, mteja si mzito. Chukua vikaratasi, tafuta watu watano wasiokujua, na uwaache wapange bila kuwasaidia.

Mama wa orofa ya tatu bado hajarudi. Lakini juzi alimuuliza binamu yangu Jirani 10 ni pesa ngapi. Hakuuliza ni nini.