Kublok numero moja moja haitoshi, lakini usimfungie mama mlango

Wandugu, wezi wa simu wanatuchosha. «Nimekutumia pesa kwa makosa, unirudishie.» Kijana anamublok, anajisikia ameshinda. Kesho ni sauti ileile na numero ingine. Kublok kunafunga numero, hakufungi mutu, na yeye iko na kadi za simu za kutosha. Ndiyo maana wengi siku hizi wanafunga kwa jumla: simu ilie tu kwa wale walio mu kontakte.

Ni mawazo mazuri, ila fikiria maisha yetu ya huku. Mama iko Sake, simu yake imezima juu ya kukosa moto, anaomba ya jirani. Ile numero huijui. Kama umefunga kwa jumla, ni yeye umemfungia inje.

Kwa hiyo tunasema: funga, lakini acha dirisha moja. Kwa Android, ingia mu Paramètres, tafuta Ne pas déranger, upande wa Appels uchague Contacts. Hapohapo kuna sehemu ya kuruhusu mwenye kurudia kupiga. Iwashe. Numero ileile ikipiga mara ya pili mbele ya dakika 15 kuisha, simu italia. Mama akipiga saa tatu kamili usiku, kimya. Akirudia saa tatu na dakika tano, utasikia. Akingoja mupaka saa tatu na dakika 20, kimya tena. Basi uwaambie watu wa nyumbani leo: «Mukipiga na simu ya mutu, pigeni mara mbili palepale.» Bila hiyo sentensi, kazi yote ni bure.

Wenye iPhone waangalie vizuri. Silence appels inconnus haina lile dirisha: mgeni apige hata mara kumi, haitalia, isipokuwa kama wewe mwenyewe ulimpigia hivi karibuni. Tumia Ne pas déranger ya iPhone, na pale kurudia ni ndani ya dakika tatu.

Mwizi naye anaweza kurudia? Ndiyo, na simu italia. Ni afadhali hivyo kuliko kukosa habari ya nyumbani. Pia Ne pas déranger inaweza kunyamazisha SMS na WhatsApp. Kama unazihitaji, uziruhusu kando.

Na numero uziandike na +243 mbele, ukitoa ile sifuri. Wengi wa Goma tunabeba kadi ya Rwanda pia, na simu inaweza kushindwa kutambua ndugu aliyeandikwa kwa sifuri tu.

Simu iliyonyamazishwa inabaki mu orodha ya zile ulizokosa. Ifungue asubuhi na jioni. Ukiona numero usiyoijua, tuma SMS: «Ni nani?» Ndugu atajibu na jina lake. Mwizi ataanza na hadithi ya pesa, na huyo sasa umublok.